Ile Shhh ya Maikrofoni: Inatoka Wapi na Inahesabiwaje

Washa mikisa, chomeka maikrofoni, waombe walio chumbani wanyamaze, kisha zungusha kitufe cha kukuza sauti mpaka mwisho. Kwenye hedifoni utasikia shhh laini isiyokatika. Usiichanganye na mvumo. Mvumo ni ule mmmm mzito wa umeme wa nyumbani wa hezi 50, unaoingia kwa sababu ya waya wa ardhi uliofungwa vibaya au transfoma iliyo karibu, na fundi mzuri huuondoa. Shhh haiondoki. Endesha mikisa kwa betri, ipeleke katikati ya shamba mbali na nguzo yoyote ya umeme, ifunike kwa sanduku la chuma, bado ipo.

Sehemu ya shhh hiyo inatoka kwenye maikrofoni yenyewe, hata kama hakuna sauti yoyote inayoifikia. Sehemu nyingine inatoka kwenye transista za kwanza za amplifaya. Zote mbili zinahesabika, na hesabu yake haizidi ile ya Pithagorasi na pembetatu yake tuliyofundishwa shuleni. Anayeijua anaweza kusoma karatasi ya maelezo ya chipu kabla hajatoa hata shilingi, akasema kama itafaa kumrekodi mzee anayesimulia kwa sauti ya kawaida akiwa umbali wa mita moja. Mzee huyo na maikrofoni yake ndio mfano tutakaoufuata, kwa sababu umbali wa mita moja ndipo amplifaya mbaya inapoumbuka.

Maikrofoni ya dainamiki, ile ya kawaida ya jukwaani, ndani yake ina koili ya waya mwembamba inayotikisika kwenye uga wa sumaku. Tuseme ukinzani wake ni omu 200. Waya huo umejaa elektroni zilizo huru, na kwa kuwa waya una joto, elektroni hizo hazitulii hata kidogo. Zinakimbia huku na huku bila mpangilio. Ukichukua wastani wa muda mrefu, zinazokwenda kushoto ni sawa na zinazokwenda kulia. Lakini kwa kitambo kifupi sana upande mmoja huzidiwa, kisha upande wa pili, na tofauti hiyo hujitokeza kwenye ncha za waya kama volti ndogo mno inayopanda na kushuka ovyo. Hizo ndizo kelele za joto. Hazihitaji betri wala mkondo wowote kupita. Zimo hata kwenye koili iliyolala kabatini.

Aliyezipima kwa makini ni John B. Johnson, mzaliwa wa Gothenburg huko Uswidi aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani. Matokeo yake kamili yalichapishwa mwaka 1928. Alijaribu nyuzi za kaboni, waya za metali, hata maji yaliyoyeyushwa chumvi ndani yake, na jibu likawa lilelile: aina ya kitu haina uzito wowote. Yenye uzito ni ukinzani na halijoto tu. Harry Nyquist, naye mzaliwa wa Uswidi, akaeleza sababu kwa kanuni za thamodinamiki katika makala iliyotoka mwaka huohuo, na fomula yake ndiyo tunayoitumia hadi leo:

```
e = √(4kTRB)
```

Hapa k ni namba ya Boltzmann, 1.38 × 10⁻²³. T ni halijoto kwa vipimo vya Kelvini. R ni ukinzani. Na B ni upana wa masafa tunayoyasikiliza, kwa hezi. Chumba chenye nyuzijoto 27, jambo la kawaida Dar es Salaam au Mombasa, kina Kelvini 300.

Hiyo B inastahili maelezo. Kelele za joto zimetandazwa sawasawa kwenye masafa yote, ya chini na ya juu. Ukisikiliza kwa dirisha jembamba la masafa zinaingia kidogo, ukilipanua zinaingia nyingi. Ila volti haikui sambamba na dirisha: ukilipanua mara nne, volti ya kelele inaongezeka mara mbili tu, kwa sababu kinachojumlishwa ni nguvu, na volti ni kipeuo cha pili cha nguvu hiyo. Ndiyo maana watengenezaji wa chipu huandika kelele kwa kizio kinachowashangaza wengi wanapokiona mara ya kwanza, nV/√Hz, yaani nanovolti kwa kila kipeuo cha hezi moja. Unachukua namba hiyo, unaizidisha kwa kipeuo cha pili cha upana wako wa masafa, unapata volti halisi.

Kwa omu 200 na Kelvini 300 namba ni 1.82 nV/√Hz. Sikio la kijana husikia mpaka karibu hezi 20,000, na kipeuo chake ni 141. Zidisha: nanovolti 257, yaani kama robo ya mikrovolti. Hiyo ndiyo sakafu. Hakuna amplifaya duniani, iwe ya bei gani, itakayoishusha, kwa kuwa kelele hizo zimekwisha kuingia kabla ishara haijaufikia mlango wa amplifaya. Njia za kuipunguza ni tatu tu: punguza ukinzani, finya masafa, au poza. Wanaojenga darubini za redio hupoza kwelikweli amplifaya zao za kwanza kwa mitambo ya baridi kali. Kwa maikrofoni yetu, kuishusha mpaka Kelvini 77, halijoto ya naitrojeni inayochemka, kungepunguza kelele kwa nusu tu. Mzee hatakubali kusimulia mbele ya kitu hicho.

Sasa tuingie kwenye amplifaya, ambako kuna kelele za aina ya pili. Hizi zilielezwa mapema zaidi, mwaka 1918, na Walter Schottky wa kampuni ya Siemens & Halske huko Ujerumani, alipokuwa akichunguza vali za redio. Alichokiona ni kwamba mkondo wa umeme unaoruka kutoka upande mmoja wa vali kwenda wa pili si mtiririko laini. Umeundwa na elektroni mojamoja, na kila moja hufika kwa wakati wake bila kungoja mwenzake. Ni kama mvua juu ya bati: hata ikinyesha kwa kasi ileile saa nzima, husikii sauti moja iliyonyooka bali unasikia matone, kwa kuwa mara yanafika mengi pamoja na mara machache. Tuziite kelele za chembe. Fomula yake ni fupi:

```
i = √(2qIB)
```

q ni chaji ya elektroni moja, kulombi 1.6 × 10⁻¹⁹, na I ni mkondo wenyewe. Angalia kwamba halijoto haimo. Kelele hizi hupozi zikaisha; zinafuata mkondo. Mkondo ukiongezeka mara nne, kelele zinaongezeka mara mbili.

Kuna kosa moja linalojirudia hata kwenye madaftari ya wanafunzi wa vyuo: kuiweka fomula hii kwenye rezista ya kawaida, eti kwa kuwa kuna mkondo unapita basi kuna kelele za chembe. Sivyo. Fomula inataka elektroni zivuke kizuizi kila moja kivyake, kama kwenye vali, diodi, au makutano ya ndani ya transista. Ndani ya metali elektroni husukumana zenyewe kwa zenyewe, zikazidi mahali zinarudishwa nyuma, na msukumano huo hulainisha mkondo kiasi kwamba kelele za chembe hazionekani. Rezista nzuri ya metali inabaki na kelele zake za joto.

Katika amplifaya yetu kelele za chembe zinakaa mahali pamoja panapoumiza: kwenye mkondo mdogo unaoingia mlangoni mwa transista ya kwanza. Chukua chipu ya NE5534A, kongwe lakini bado imejaa kwenye mikisa za studio. Karatasi yake ya maelezo inasema mkondo wa kuingia, kwa kawaida, ni nanoampea 500, na mahali pengine kwenye karatasi hiyohiyo inasema kelele za mkondo ni 0.4 pA/√Hz. Msomaji wa haraka hudhani hizo ni habari mbili. Weka nanoampea 500 kwenye fomula ya Schottky, ukiacha B: mara mbili ya 1.6 × 10⁻¹⁹ kuzidisha 5 × 10⁻⁷ ni 1.6 × 10⁻²⁵, na kipeuo chake ni 4 × 10⁻¹³. Hiyo ni pikoampea 0.4, sawasawa na ilivyoandikwa. Namba moja imemzaa mwenzake. Binafsi napenda karatasi za maelezo zinapojisaliti namna hii, maana unajua hapo hakuna ujanja wa mauzo; ni fizikia tupu.

Ndani ya chipu kuna transista na rezista nyingi, kila moja na kelele zake, na kuzihesabu zote kungemchosha yeyote. Wahandisi wana njia ya mkato. Wanajifanya amplifaya yenyewe ni safi kabisa, haina kelele hata chembe, halafu wanaweka mbele ya mlango wake chanzo kimoja cha kuwaziwa cha volti ya kelele, kiasi kwamba kinachotoka nyuma kiwe kilekile tunachokipima kwa kweli. Volti hiyo ya kuwaziwa ndiyo volti sawa ya kelele mlangoni. Kwa NE5534A ni 3.5 nV/√Hz kwenye masafa ya hezi 1,000. Pembeni yake wanaweka chanzo cha pili, cha mkondo, ambacho ni zile pikoampea 0.4 tulizozihesabu.

Kwa nini kila kitu kirudishwe mlangoni, wakati masikio yetu yako nyuma, kwenye spika? Kwa sababu kule nyuma namba hazina maana. Amplifaya inayokuza mara 1,000 itatoa kelele kubwa kuliko inayokuza mara 10, lakini ishara nayo imekuzwa mara 1,000. Ukirudisha zote mlangoni unazilinganisha na ishara yenyewe, ikiwa bado changa. Njia hii inaonyesha pia kwa nini hatua ya kwanza ndiyo inayobeba mzigo. Kama hatua ya kwanza inakuza mara 100, kelele za hatua ya pili zikirudishwa mlangoni zinagawanywa kwa 100. Unaweza kuweka chipu ya hovyo katika hatua ya pili na hakuna atakayejua.

Mkondo wa kelele wenyewe hausikiki mpaka ukutane na ukinzani. Ukipita kwenye maikrofoni ya omu 200, unakuwa volti: pikoampea 0.4 mara 200 ni nanovolti 0.08. Sasa tuna volti tatu mlangoni, za koili, za amplifaya, na za mkondo uliogeuka volti. Hazijumlishwi kama hela. Zinapanda na kushuka kila moja kwa wakati wake, mara zinasaidiana, mara zinafutana, kwa hiyo tunajumlisha vipeo vyake vya pili halafu tunatafuta kipeuo, kama pande mbili fupi za pembetatu mraba zinavyozaa upande mrefu.

Kwa NE5534A: 1.82 kwa kipeo cha pili ni 3.3. Kipeo cha 3.5 ni 12.25. Cha 0.08 ni 0.006, kitu cha kusahau. Jumla ni 15.6, na kipeuo chake ni 3.95 nV/√Hz. Zidisha kwa 141 na unapata mikrovolti 0.56 za kelele mlangoni.

Ifanye hesabu hiyohiyo kwa TL072, chipu nyingine maarufu na ya bei poa. Mlango wake umejengwa kwa transista za aina ya FET zisizonyonya mkondo ila pikoampea makumi kadhaa, kwa hiyo kelele zake za mkondo ni 0.01 pA/√Hz tu. Ila volti yake ya kelele, kwa toleo lile la asili, ni 18 nV/√Hz. Kipeo cha 18 ni 324. Hapo kelele za koili, 3.3, zinamezwa kama si kitu. Jumla ni nanovolti 18.1, na kwa masafa yote ni mikrovolti 2.56.

Tumlete mzee. Mtu anayezungumza kawaida, umbali wa mita moja, hutoa sauti ya karibu desibeli 60, ambayo ni shinikizo la paskali 0.02. Maikrofoni yetu tuseme inatoa milivolti 2 kwa kila paskali, kiwango cha kawaida kwa maikrofoni za dainamiki. Kwa hiyo sauti ya mzee inafika mlangoni ikiwa mikrovolti 40. Uwiano wa ishara kwa kelele, kwa desibeli, ni mara 20 ya logi ya ishara gawanya kelele:

```
SNR = 20 log10(40 / 0.56) = 37 dB
SNR = 20 log10(40 / 2.56) = 24 dB
```

Mstari wa kwanza ni NE5534A, wa pili ni TL072. Amplifaya ya ndotoni isiyo na kelele zake yenyewe ingeishia desibeli 44, kwa sababu ya ile robo ya mikrovolti ya koili. Tofauti ya desibeli 13 kati ya chipu zetu mbili si jambo dogo. Desibeli 24 ni rekodi ambayo msikilizaji anaisikia shhh katika kila pumzi ya msimulizi. Desibeli 37 inavumilika.

Wengi huishia hapa na kwenda kutafuta chipu ya gharama zaidi, yenye nanovolti 1. Kabla ya hapo sikiliza chumba. Chumba kilichotulia vizuri, usiku, feni ikiwa imezimwa, bado kina kelele za hewani za karibu desibeli 30. Kwenye maikrofoni yetu hizo ni mikrovolti 1.26. Kelele za NE5534A pamoja na koili, 0.56, ziko chini ya hapo. Zijumlishe kwa vipeo na uwiano wa jumla unakuwa desibeli 29.2. Amplifaya isiyo na kelele kabisa, kwenye chumba hichohicho, ingefika desibeli 29.8. Fedha zote ulizotaka kuongeza zinakununulia desibeli 0.6, ambazo sikio halitambui. TL072 nayo, mikrovolti 2.56, imekizidi chumba, na jumla yake inashuka mpaka desibeli 23. Hapo kubadilisha chipu kuna faida ya kweli. Nitaongeza tahadhari moja: kelele za chumba mara nyingi ni nzito, za masafa ya chini, ilhali shhh ni nyembamba na kali, kwa hiyo sikio linaweza kuichomoa shhh hata namba zikisema imefunikwa. Namba moja ya jumla haielezi kila kitu.

Na kuna jambo la bure. Sogeza maikrofoni kutoka mita moja mpaka sentimita 25. Mahali pasipo na mwangwi mkubwa, shinikizo la sauti huongezeka mara nne, yaani desibeli 12. Hizo ni karibu sawa na faida yote ya kutoka TL072 kwenda NE5534A, tena safari hii unaishinda hata kelele ya chumba, jambo ambalo chipu haiwezi. Au, kwa kuwa ni masimulizi na si muziki, kata masafa yote ya juu ya hezi 8,000. Dirisha linapungua mara 2.5, na shhh inashuka desibeli 4, huku maneno yakibaki wazi.

Mpaka hapa mtu atadhani TL072 ni chipu mbaya. Mpe kazi nyingine uone. Badala ya maikrofoni ya omu 200, weka chanzo cha omu 100,000, mfano wa vihisi vyenye ukinzani mkubwa. Kelele za joto za chanzo hicho ni 40.7 nV/√Hz. Kwa TL072 zile nanovolti 18 sasa ni ndogo mbele yake, na mkondo wake hauongezi kitu. Jumla ni 44.5. Kwa NE5534A volti yake ya 3.5 haihesabiki, lakini pikoampea 0.4 zikipita kwenye omu 100,000 zinakuwa nanovolti 40, sawa na chanzo chenyewe. Jumla inapanda mpaka 57. Yule aliyeshindwa kwa desibeli 13 sasa ameshinda kwa desibeli 2, na pengo linazidi kadiri ukinzani unavyopanda. Swali la “amplifaya ipi ina kelele kidogo?” halina jibu mpaka muulizaji aseme ameiunganisha na nini.

Kila chipu ina ukinzani inaoupenda, ambapo volti yake ya kelele na mkondo wake wa kelele vinalingana. Unaupata kwa kugawanya moja kwa nyingine: nanovolti 3.5 gawanya pikoampea 0.4 ni omu 8,750. Maikrofoni yetu ya omu 200 iko mbali na hapo. Mafundi wa studio za zamani walilijua hili, na ndiyo sababu mikisa zao zilikuwa nzito: kila mlango ulikuwa na transfoma ndogo ya kupandisha. Ukipandisha mara 6, ishara inakua mara 6 bila transista hata moja, na ukinzani wa maikrofoni unaonekana kwa amplifaya kama omu 7,200. Ukiitazama kutoka upande wa maikrofoni, volti ya kelele ya chipu imegawanywa kwa 6 na kuwa 0.58, mkondo wa kelele umezidishwa kwa 6 na kutoa 0.48, na jumla pamoja na koili ni 1.97 nV/√Hz. Desibeli 0.7 tu juu ya sakafu. Transfoma halisi ina ukinzani wa waya zake, kwa hiyo utapoteza kidogo zaidi ya hapo, tena transfoma nzuri iliyokingwa dhidi ya mvumo ni ghali kuliko chipu mara nyingi.

Hesabu ikiwa sawa na bado kifaa kina shhh kubwa, mshukiwa wa kwanza ni rezista zinazopanga ukuzaji. Ile inayotoka kwenye mlango hasi kwenda ardhini huongeza kelele zake za joto kana kwamba imeunganishwa na maikrofoni. Michoro mingi hutumia omu 1,000 hapo, na 100,000 ya kurudisha. Omu 1,000 ina 4 nV/√Hz, zaidi ya chipu yenyewe! Mnunuzi wa NE5534A aliyefuata mchoro huo ametoka nanovolti 3.95 hadi 5.7, desibeli 3 zimepotea kwa rezista ya senti. Weka omu 22 na 2,200 na zitashuka hadi nanovolti 0.6, ambazo hazijitokezi kwenye jumla.

Kupima, usiache mlango wazi. Unafungia rezista ya omu 200 mahali pa maikrofoni, ndani ya kisanduku cha chuma, ili mvumo usiingie. Hatua ya kwanza ikikuza mara 100 na ya pili mara 10, kwenye mwisho unatarajia milivolti 0.56 kwa dirisha la hezi 20,000. Ukifunga mlango kwa waya mfupi badala ya rezista, inashuka hadi karibu 0.5, na hiyo ni volti ya kelele ya chipu peke yake. Ukiweka omu 100,000 inaruka hadi milivolti 8, kwa kelele za joto za rezista hiyo na mkondo wa kelele kwa pamoja. Vipimo vitatu hivyo vinatosha kutenganisha kelele za aina zote.

Multimita ya kawaida itakudanganya hapa kwa njia mbili. Nyingi husoma volti za mabadiliko kwa wastani na kuzigeuza kana kwamba ni wimbi la sine. Kwa kelele za ovyo zinasoma chini kwa asilimia 11, yaani desibeli 1. Na za bei nafuu huanza kuziba masikio juu ya hezi mia chache, kwa hiyo sehemu kubwa ya shhh haiioni kabisa na utadhani umejenga muujiza. Kompyuta yenye kadi nzuri ya sauti na programu ya kuchora masafa ni bora. Inakuonyesha mvumo wa hezi 50 na 100 kama miiba, kisha uwanda tambarare wa shhh ambao ndio unaoutafuta, na chini ya hezi mia moja hivi uwanda unaanza kupanda: NE5534A ina 3.5 nV/√Hz kwenye hezi 1,000 lakini 5.5 kwenye hezi 30. Kupanda huko si kelele za joto wala za chembe. Ni aina ya tatu, inayotokana na kasoro ndogo za ndani ya transista, na fomula zetu mbili haziigusi.

Kama unakadiria B kutoka kwenye kichujio rahisi cha rezista moja na kapasita moja, zidisha masafa yake ya kukatia kwa 1.57 kabla ya kuyaweka kwenye fomula, kwa kuwa kichujio hicho hakikati ghafla, na kelele huendelea kupenya juu ya alama yake. Kichujio cha hezi 8,000 kwa kelele ni dirisha la hezi 12,600. Usipofanya hivyo, kipimo chako kitazidi hesabu kwa desibeli 2 na utaanza kuitilia shaka chipu isiyo na hatia.